Hotuba ya Mzigo Uliorudi

"Hii siisomi," Mama Pacha alisema. Akaisukuma karatasi ikavuka meza mpaka ikagota kwenye kikombe cha Kipaza.

"Utaisoma." Kipaza akaisukuma irudi. "Nimekuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Usingizi nimeukosa. Wengine wangeshukuru."

"Mimi ningeshukuru kama ungelala."

Kipaza alicheka, na kicheko chake kikatoka nje ya ofisi, kikapita ukumbini, kikarudi. Jina hilo watu wa mauzo walimpa zamani, kwa sababu hata salamu yake ya asubuhi iliitikiwa na ofisi ya jirani. Siku hizi alikuwa mkurugenzi wa mauzo wa kanda nzima, mtu wa shati lililonyooka na manukato yanayotangulia kuingia. Lakini robo mwaka moja tu nyuma kiti alichokalia Mama Pacha kilikuwa chake, na bado alikiegemea kwa mkono anapoongea, kama mtu aliyemwazima mwenzake koti na anaogopa litachafuliwa.

"Dada yangu, sikiliza. Hii ni robo yako ya kwanza. Umeanguka. Asilimia sabini na moja ya lengo, hiyo si kuanguka, hiyo ni kubingirika. Mimi nimekuja kukushika mkono. Unasimama pale mbele, dakika tano, unawapa watu moto, mimi narekodi kwa simu, natuma makao makuu. Wanaona meneja ana damu mwilini. Mambo yanakwisha."

"Nimesoma mstari wa tatu. 'Tatizo si bidhaa, tatizo si soko, tatizo ni moyo.' Huu ni uongo."

"Ni hotuba."

"Ni uongo wenye alama ya mshangao."

Mama Pacha hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Nyumbani alikuwa na watoto pacha, darasa moja, na kila kitu katika maisha yake kilinunuliwa mara mbili na kusemwa mara moja. Alijua kwa nini robo imeanguka, na alijua kwamba Kipaza anajua. Robo ya kabla yake, mwishoni kabisa, Kipaza aliwaamuru watu wa mauzo washindilie. Ndivyo walivyoiita wenyewe: kushindilia. Duka lililozoea kuchukua katoni tano za juisi likabwagiwa ishirini. "Chukua tu, mzee, isipotoka tutakuja kuibeba." Kwa kampuni, juisi ikishatoka stoo na kupanda gari imeuzwa, na namba inapanda ubaoni siku hiyo hiyo. Namba zikapanda mpaka zikagusa dari. Keki ikaletwa. Kipaza akapandishwa cheo, Mama Pacha akapewa kiti, na kiti kikaja na deni lake.

Kwa sababu wenye maduka, wakiwa wamejazwa mpaka shingoni, hawakuagiza kitu. Wangeagiza wakaweke wapi? Katoni zilipangwa barazani, juu ya mabati, kando ya majiko, palipo na nafasi. Jua likazipiga. Kisha zikaanza kurudi, gari kwa gari, na Mama Pacha akawa meneja wa kupokea alichouza mwenzake.

"Haya, mstari wa tatu ufute," Kipaza alisema, akijifanya mkarimu. "Lakini wa mwisho usiguse. Wa mwisho ndio wenye kazi."

Mama Pacha aliusoma kwa sauti. "'Na kuanzia asubuhi hii, simba wangu, kila gari linatoka na mzigo wa ofa!' Mzigo gani wa ofa? Mbona mimi meneja sijauona?"

"Umeuona. Uko stoo, ukuta wa nyuma."

Mama Pacha akaishusha karatasi. "Ile iliyorudi?"

"Iliyorudi, iliyorudi! Mnaisema kama maiti. Tarehe yake bado, ina wiki tatu. Zilizovimba zimetolewa. Zilizobaki zinafutwa, zinaingia kwenye katoni mpya, bei nusu. Siyo maduka makubwa, yale yana watu wa kukagua. Tunapeleka vibanda vya karibu na shule. Saa nne mapumziko, saa sita imekwisha." Akashusha sauti, jambo lililomgharimu. "Watoto hawasomi tarehe, dada yangu."

Mama Pacha aliikunja karatasi. Alimwangalia mtu huyu na shati lake, na akajishangaa kwamba kwa miaka alikuwa amekula naye meza moja ya chakula cha mchana.

"Na nikikataa?"

"Hukatai. Nitaisoma mimi, mzigo utatoka vilevile, na jioni nitaandika kwamba meneja mpya hana uwezo wa kuongoza timu. Sitakuwa nimesema uongo, au siyo?" Akaangalia saa. "Wanaingia sasa hivi. Nakunywa chai yangu, nakuja."

Akaondoka. Manukato yakabaki.

*

Mama Pacha hakwenda ukumbini. Alishuka ngazi za nyuma akaenda stoo.

Harufu ilimpokea mlangoni kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa tamu na chachu pamoja, kama matunda yaliyosahauliwa kwenye begi la shule, na chini yake kulikuwa na ukungu wa karatasi iliyolowa. Nyayo za viatu zilinata sakafuni na kuachia kwa sauti, pwa, pwa. Kando ya ukuta wa nyuma vibarua watatu walikuwa wamekaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, kila mmoja na ndoo na kitambaa. Wanachukua pakiti, wanaipangusa utelezi na vumbi, wanaipanga kwenye katoni mpya inayong'aa. Maji ya ndoo yalikuwa rangi ya kahawia, na nzi wameyazunguka kama wageni walioalikwa.

Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa amejifunga leso puani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Usiegemee hapo, utaondoka na rafu."

"Nani kasema huu mzigo ufutwe?"

"Aliyesema ana sauti. Wewe hukumsikia? Mimi nilimsikia nikiwa chooni." Akashusha leso. "Nikamwambia, bwana, kinywaji kilichorudi kutoka dukani hakirudi kwenye gari tena, kinakaa pembeni, watu wa ubora wanakikagua, kinamwagwa. Hata kibarua wa siku moja anajua, maana hatujui kilikaa wapi huko. Akaniambia, 'Shangazi, wewe futa, kufikiri tumeajiri wengine.'"

"Na ukafuta."

"Nikafuta. Ulitaka nimpige mweleka?"

Mama Pacha aliingiza mkono kwenye katoni iliyokwisha kufungwa vizuri, katoni ya ofa yenyewe, akachomoa pakiti. Ilikuwa safi, bapa, haikuvimba popote. Akaigeuza. Tarehe ilikuwa sawa, kama alivyosema Kipaza. Yeyote angeinunua. Yeye mwenyewe angeinunua, mbili, akazitia kwenye mabegi mawili.

Akachoma mrija. Pakiti ikatoa pumzi: fsss.

"Usinywe," Shangazi alisema.

Alivuta kidogo tu, ncha ya ulimi. Ladha ilikuwa ya siki na chuma, na kitu chembamba kama uzi kikampitia kati ya meno. Akatema kwenye ndoo, akatema tena, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na bado uzi ule aliuhisi.

"Na hii ni ile nzuri," alisema.

"Hiyo ni ile nzuri," Shangazi alikubali.

Nje, kupitia mlango mkubwa wa stoo, aliona magari ya mauzo yamepangwa kinyumenyume, milango wazi. Manne yalikwisha kupakiwa. Mabango ya karatasi yalikuwa yamebandikwa ubavuni: OFA YA WANAFUNZI.

*

Ukumbini watu wanane wa mauzo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wakiwa na nyuso za watu walioitwa msibani kwa marehemu wasiyemfahamu vizuri. Ubao wa namba ulikuwa ukutani. Kila mtu alijua yuko wapi, na hakuna aliyeuangalia isipokuwa Chapchap.

Chapchap ndiye aliyekuwa juu. Kijana wa kola iliyosimama, viatu vyenye ncha, muuzaji aliyeweza kukuuzia mwavuli ukiwa ndani ya nyumba. Robo ya keki yeye ndiye aliyeshindilia kuliko wote, na hata robo hii, kwa mbinu hii na ile, alikuwa bado juu, kwa sababu ubao ulihesabu katoni zilizotoka, haukuhesabu zilizorudi.

Chini kabisa alikuwa Babu. Babu hakuwa na mjukuu hata mmoja, ila alilalamika kama mwenye kumi. Namba zake zilikuwa ndogo kwa sababu aligombana na nusu ya wenye maduka, na wale ambao hawajagombana walikuwa wanasubiri zamu. Juisi yake haikurudi, hilo ni kweli, lakini hata yeye asingeliita sifa. Alipotaka kushindilia, walimfukuza.

"Babu," Chapchap alisema, "leo unapewa medali. Umeshika mkia vizuri, mkia hauponyoki."

"Nyamaza wewe. Mteja wangu wa kona amesema akiona kile kiatu chako tena anakitia mafuta anakikaanga."

"Ananidai nini?"

"Nafasi. Anasema amelala na katoni zako kitandani, mkewe amehamia sebuleni."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kupumua. Kisha mlango ukafunguka, Kipaza akaingia, na kicheko kikajificha.

"Nani simba?" Kipaza akanguruma.

"Sisi simba," wakajibu, kama watoto wanaosoma jedwali la kuzidisha.

"Siwasikii! Nani simba?"

"Sisi simba!" Chapchap alisimama kabisa. Babu alitikisa midomo bila sauti.

Mama Pacha aliingia nyuma yake. Alikuwa ameleta katoni moja ya ofa kutoka stoo. Akaiweka mezani, akasimama kando yake. Kipaza alipoiona alitabasamu. Alidhani ni ya kuonyesha kwenye picha. Akaegemea ukuta, akainua simu, akamwashiria kwa kidole: anza.

Mama Pacha akaifunua karatasi. Kichwani alikuwa akizipanga sare mbili za pacha wake, ada mbili, viatu jozi mbili. Akazipanga tena. Akasoma.

"Simba wangu. Robo imeondoka, lakini njaa yetu haijaondoka."

Mtu mmoja alikohoa.

"Hatukuanguka. Tulikuwa tunarudi nyuma ili turuke vizuri."

"Ndiyo!" Chapchap alipiga makofi matatu. Alipogundua anapiga peke yake, aliyageuza yakawa ya kujipangusa mikono.

Mama Pacha aliinua macho. Aliona watu wazima wanane wakiangalia viatu vyao. Walijua. Kila mmoja alikuwa amesimama mbele ya mwenye duka robo hii akatukanwa kwa ajili ya mzigo ule, akarudi hapa akaambiwa ana moyo mdogo. Na yeye alikuwa anataka kuwaambia tena. Mdomoni ladha ya siki ilikuwa palepale. Alimeza mate, ladha haikwenda.

Akaiweka karatasi mezani, maandishi chini.

"Haya mambo ya simba tuyaache. Nitasema langu, ni fupi, kisha mkafanye kazi.

"Tumeanguka. Asilimia sabini na moja. Asipige makofi mtu. Lakini nataka mjue mmeanguka kwa nini, maana mtu asiyejua kilichomwangusha anaanza kujichukia mwenyewe, na nyinyi mmeanza, nawaona. Hamjasahau kuuza. Wateja hawajawachoka. Maduka yalikuwa yamejaa. Basi. Tuliwauzia mzigo wa miezi mitatu kwa siku nne, halafu tukashangaa hawanunui. Mtu ameshiba, unakuja na sahani nyingine, anakataa, unaambiwa huna moyo. Moyo unahusiana nini na tumbo la mtu?"

Babu alicheka kwa sauti. Kipaza alisogea ukutani.

"Kuna mitaa miwili mipya ambayo hatukuishindilia, kwa sababu wakati ule tulikuwa hatujaifungua. Nimeangalia. Ile imeagiza kila wiki, na kila wiki imepanda. Juisi ni ile ile, bei ni ile ile, na waliouza ni nyinyi hawa hawa. Kwa hiyo kazi mnaiweza. Hilo si la kuwapa moyo, ni jambo lililotokea.

"Sasa kuanzia leo. Ukifika dukani usitoe kalamu. Nenda kwenye rafu kwanza. Angalia kilichotoka tangu ulipopita mara ya mwisho, na uandike kile tu kitakachokwisha kabla hujarudi. Mwenye duka akitaka zaidi kwa hiari yake, mpe. Akitaka pungufu, mpe pungufu na umshukuru. Ubaoni tutaandika kilichotoka tukitoa kilichorudi. Wiki za kwanza zitakuwa mbaya, nawaambia mapema asije mtu akalia. Kelele za kutoka juu zitakuja kwangu. Nyinyi mniletee rafu zilizo wazi."

"Samahani, bosi." Chapchap alikuwa amesimama, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ukitoa kilichorudi, mimi naenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya Babu."

Ukumbi ukalipuka. Babu aligeuka taratibu, akamwangalia Chapchap toka kwenye kola mpaka kwenye ncha ya kiatu, kwa raha ya mtu anayeoga maji ya moto.

"Karibu, mjukuu wangu," alisema. "Huku chini pana kivuli."

"Si haki! Nilifanya nilichoambiwa!" Chapchap alinyoosha kidole kuelekea ukutani. "Yeye ndiye aliyesema shindilia! Sikuamka nikaota!"

"Najua," Mama Pacha alisema. "Ndiyo maana hufukuzwi, unaanza upya na wenzako. Kaa."

Kipaza alikuwa ameshusha simu zamani. Sasa alikuja mbele, akiwa bado ana tabasamu, lakini limebaki upande mmoja. "Asante, meneja, kwa maneno ya ukweli," alisema kwa ukumbi mzima na mtaa unaofuata. "Tutayafanyia kazi. Kwa leo lakini kuna ofa. Magari yamepakiwa. Mnapita shule, mnapita vibanda, nusu bei, hakuna kurudi na kitu. Chapchap, wewe utaongoza. Hapa ndipo unaporudi juu, kijana wangu."

Chapchap alitazama ubao, akatazama mlango. Uso wake ulianza kufunguka.

Mama Pacha alipasua ile katoni kwa mikono, akachomoa pakiti moja akamwekea Chapchap mkononi.

"Ongoza. Kunywa hiyo kwanza."

"Ninywe?"

"Unakwenda kuiuza. Mtoto akikuuliza ni tamu, utamjibu nini? Kunywa, bingwa."

Chapchap alichoma mrija. Fsss. Aliisogeza puani, na kichwa kikarudi nyuma chenyewe. Akaishika mbali kama anayeshika soksi ya mtu mwingine. "Hii... hii ni ile ya kwangu? Ile ya barazani?"

"Ya kwako, ya wenzako, zimechanganywa. Imefutwa tu. Hiyo ndiyo ofa."

Mtu wa nyuma alisema neno ambalo halisemwi mbele ya wakubwa. Pakiti ikapita mkono kwa mkono, kila aliyeinusa akaisukuma haraka kwa jirani, mpaka ikamfikia Babu, ambaye aliinusa mara mbili ili apate uhakika wa kulalamika.

Mama Pacha alichomoa nyingine, akamnyooshea Kipaza.

"Na wewe, kaka. Tarehe bado."

"Mimi nimeshakunywa chai."

"Kidogo tu. Juu ya chai."

"Acha utoto."

"Watoto ndio watakaoinywa. Onja tujue wanapewa nini."

Kipaza hakuipokea. Mikono yake ilikwenda nyuma, ikashikana, na mtu mkubwa yule akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuna sauti iliyotoka. Watu wanane walimwangalia, na katika kutazama kule Mama Pacha aliona uchovu wao wa robo nzima ukipata mahali pa kwenda.

"Hapa," Kipaza alisema hatimaye, "unaongea kama meneja kwa mara ya mwisho. Nawapigia makao makuu sasa hivi."

"Piga. Waambie pia unawapelekea nini watoto wa shule, na usinipunguzie maneno." Akaiangalia pakiti iliyokuwa mkononi mwake. Alijua kwamba akiishia kwenye maneno, Kipaza atakaa barabarani na simu yake, atamwita dereva mmoja mmoja kando, na kufikia saa nne vibanda vitakuwa vimejaa. Mzigo uliopakiwa una njia ya kutoka. Alikwisha kuliona hilo mara nyingi: watu wanakubaliana ukumbini, gari linaondoka vilevile.

"Nani ana kisu?" akauliza.

Babu, akiguna, akatoa mfukoni kile kisu kidogo anachofungulia katoni. "Usikivunje. Hakina ndugu."

Mama Pacha alishuka ngazi. Alisikia viti vikisogezwa nyuma yake, kimoja, kisha vingi.

Uani jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Alimwita mtunza stoo kutoka mlangoni. "Shangazi! Waambie madereva wazime. Kila katoni ya ofa inashuka. Hesabu zinazoshuka, uandike zimemwagwa, na aliyesema zimwagwe ni mimi, jina langu zima, lisikosewe."

Shangazi alivua leso yote. "Zimwagwe wapi?"

"Tangi la maji taka, pale pembeni. Na hao wanaofuta waache, wakanawe."

"Wamesikia," Shangazi alisema, kwa sababu vitambaa vilikwisha kuanguka ndooni.

Chapchap ndiye aliyepanda gari la kwanza. Labda alitaka kuwa wa mbele popote, hata katika hili; hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Alivua kola yake ile iliyosimama, yaani alivua shati zima, akabaki na fulana, akaanza kushusha katoni mbili mbili kwa kasi ile ile aliyokuwa akizipakia. Wenzake walipanga mstari. Babu alisimama katikati ya njia akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata.

Mama Pacha alipiga magoti kwenye ukingo wa tangi. Alichana kona ya pakiti ya kwanza. Juisi ilitoka nzito, ikiwa na mabonge, na harufu ilipompiga machozi yalimtoka. Alishika pumzi. Akachana ya pili, ya tatu. Iliyochanwa haifutwi, haipangwi upya kwenye katoni, na haiendi popote. Muda si mrefu wengine watatu walikuwa wamepiga magoti pamoja naye, mmoja ana wembe, mmoja anatumia funguo, mmoja meno mpaka alipokumbushwa kilichomo.

"Mnaharibu mali ya kampuni!" Sauti ilikuwa imemrudia Kipaza. Alikuja akivuka uani, simu sikioni, uso umeiva. "Naongea na wakubwa hapa! Wanasikia! Mama Pacha, wanakusikia!"

"Shikamooni, wakubwa," Mama Pacha alisema kwa sauti kubwa, bila kuinua kichwa, na akachana nyingine. Mkondo ulikuwa umejaa pembeni ya tangi, umeanza kutambaa kwenye saruji, wa kahawia, wenye povu, kuelekea palipoinama. "Kaka, sogea. Unaelekea kwenye viatu vyako."

Kipaza aliruka nyuma. Mama Pacha akanyoosha mkono kuchukua katoni inayofuata.